Nduthi Inakuchapa Mgongo? Hivi Ndivyo Unaseti Shoki na Foku Zilingane na Kilo Zako

Kila mtaa una ule fundi ambaye ukimwambia nduthi inagonga nyuma, anachukua spana ya ndoano, anazungusha shoki zote mbili hadi namba ya mwisho na kukwambia, "Sasa iko ngumu, enda." Unatoa chapaa, unapanda, na ukifika kwa bampi ya kwanza mgongo unalia vile vile. Wakati mwingine inakuwa mbaya zaidi, halafu unaambiwa shoki zimekufa, ununue zingine.

Kabla hujatoa hiyo doo, elewa kitu kimoja. Kukaza shoki hakufanyi springi iwe ngumu. Kunainua nduthi juu tu. Ukishaelewa hapo, utaweza kuseti piki yako mwenyewe na tepu ya kupimia, sirinji na mabeshte wawili wa kukusaidia. Tutatumia mfano wa nduthi ya kawaida ya 150, ile yenye shoki mbili nyuma na foku za kawaida mbele, kwa sababu hiyo ndiyo wasee wengi wanaendesha.

Springi na mafuta, kila mtu na kazi yake

Shoki na foku zina vitu viwili ndani. Cha kwanza ni springi, ambayo inabeba uzito wako, wa abiria na wa piki. Cha pili ni mafuta, ambayo yanapitishwa kwa vitobo vidogo ili springi isicheze ovyo. Springi ikibonyea, inataka kurudi kwa nguvu zote. Mafuta ndiyo breki yake. Bila mafuta, ukigonga shimo moja nduthi itaruka-ruka kama mpira hadi ufike kwa steji.

Kwa hivyo kuna maswali mawili tofauti. Swali la kwanza ni nduthi inakaa urefu gani ukiwa juu yake. Hilo linajibiwa na springi, na ile ringi yenye ngazi chini ya shoki, ambayo mafundi wengine huiita prilodi. Swali la pili ni nduthi inabonyea na kurudi kwa spidi gani. Hilo linajibiwa na mafuta, na ndiyo watu huita dampingi. Ukijaribu kutibu swali la pili na ringi ya prilodi, utazunguka hadi uchoke.

Mbona basi nduthi ikikazwa inahisi ngumu? Kwa sababu springi imeshafinywa kabla hujakaa. Inabidi uipe nguvu zaidi ndiyo ianze kusonga. Lakini ikishaanza, kila milimita inahitaji nguvu ile ile kama zamani.

Pima kwanza, spana baadaye

Kitu unachotafuta kinaitwa mbonyeo: ni milimita ngapi nduthi inashuka ukiwa umeikalia. Kwa barabara zetu, lenga karibu asilimia 30 ya safari yote ya tairi la nyuma. Kama tairi linaweza kupanda na kushuka milimita 100, ambayo ni kawaida kwa nduthi nyingi za saizi hii, unataka ishuke kama 30 ukiwa juu. Mbele pia lenga hapo hapo, kati ya asilimia 25 na 30.

Watu huuliza mbona uache ishuke kabisa. Fikiria shimo. Tairi likifika kwa shimo linafaa kuanguka ndani na kufuata chini, halafu lipande tena. Zile milimita 30 ndizo nafasi ya kuanguka. Kama nduthi imekazwa hadi haishuki hata kidogo, tairi haliwezi kushuka, linaning'inia hewani, na wakati huo huna breki wala griip upande huo. Halafu linagonga ukingo wa pili wa shimo kwa nguvu. Hiyo ndiyo ile gonga inakuchapa mgongo.

Kupima ni rahisi. Kwanza weka upepo sawa kwa tairi, juu tairi laini itakudanganya. Simamisha nduthi kwa stendi ya katikati hadi tairi la nyuma liwe hewani. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi bolti fulani iliyo moja kwa moja juu yake, kwa keria ama kwa fremu. Weka alama na maka ili usipime mahali tofauti baadaye. Andika hiyo namba.

Shusha nduthi, ishikwe wima na beshte bila mtu juu, pima tena. Mwisho panda na gia zako zote, helmeti, jaketi, begi ya kila siku, miguu kwa pedo, na beshte mwingine apime. Kila mara finya nduthi chini uiache irudi polepole, upime, kisha iinue kidogo uiache ishuke, upime tena. Chukua namba ya katikati. Mpira na sili huwa na mshiko wao, na bila kufanya hivyo unaweza kukosea milimita tano.

Mfano: msee wa kilo 85

Tuseme una kilo 85 na gia zako. Tairi linacheza milimita 100. Shoki ziko ngazi ya 1, ile ya chini kabisa. Tairi likiwa hewani, tepu inasoma 480. Nduthi ikisimama peke yake inasoma 468, yaani imeshuka 12. Ukipanda inasoma 444, yaani imeshuka 36. Hiyo ni nyingi kidogo.

Tuseme kila ngazi inainua nduthi kama milimita 4. Ukipandisha hadi ngazi ya 2, mbonyeo wako unakuwa 32, na nduthi ikiwa peke yake inashuka 8. Hapo uko sawa. Umemaliza, na hujafika mbali na pale ulipoanza.

Sasa cheki kile fundi alifanya. Ngazi ya 5 inainua nduthi milimita 16 kutoka ngazi ya 1. Ukiwa juu peke yako unashuka 20 tu. Nduthi ikiwa peke yake ilikuwa inashuka 12, sasa haishuki kabisa, imegonga dari ya shoki. Tairi lako limepoteza zaidi ya theluthi moja ya nafasi ya kuanguka kwa shimo. Springi ni ile ile, lakini wewe unahisi umekalia jiwe.

Sasa ongeza abiria wa kilo 70. Yeye anakaa karibu juu ya ekseli, kwa hivyo uzito wake karibu wote unaenda nyuma, tofauti na wako ambao sehemu fulani inaenda mbele. Kwa springi hii abiria anashusha nduthi kama milimita 29 zaidi. Ukiwa ngazi ya 2, mnashuka jumla ya 61. Zimebaki 39 za kupokea bampi, na kwa maramu utasikia "gwa!" kila mara. Hapa ndipo ngazi za juu zina kazi yake. Ukiweka 5 mnashuka 49, na mna nusu ya safari iliyobaki.

Ukiona hivyo unaelewa mambo mawili. La kwanza, ngazi ya peke yako si ngazi ya kubeba mtu. Kama unabeba abiria siku nzima, acha juu. Kama unapeleka nduthi kazini peke yako na kubeba mtu Jumapili tu, zungusha Jumapili na urudishe Jumatatu. Ni kazi ya dakika mbili, bora shoki zote mbili ziwe ngazi sawa. Zikitofautiana, mkono wa nyuma unapindwa kila ukigonga kitu.

La pili, hata ngazi ya mwisho haikufikisha kwa 30 ukiwa na abiria. Hiyo ndiyo mipaka ya ringi. Kama wewe ni wa kubeba watu wawili ama magunia kila siku, unachohitaji ni shoki zenye springi ngumu zaidi. Kuna njia ya kujua bila kukisia. Ukikaza hadi mbonyeo wako na mzigo uwe sawa, kisha nduthi ikisimama peke yake haishuki hata milimita moja, springi ni laini sana kwako.

Na usichukulie hii ya mbonyeo kama ni story ya starehe tu. Nyuma ikilala sana, mbele inakuwa nyepesi, nduthi inachelewa kukata kona, na taa yako inaangalia mawingu. Dere anayekuja mbele yako usiku anapofushwa, na wewe huoni shimo lililo mita kumi mbele.

Mbele: W ya foku si W ya injini

Foku za nduthi nyingi za 150 hazina ringi wala skrubu. Silaha yako ni mafuta, na hapa ndipo makosa makubwa hufanywa.

Mafuta ya foku yanaandikwa 5W, 10W, 15W na kuendelea. Wasee wanaona W hiyo na kufikiri ni kama ile ya injini, kwa hivyo wanamimina 20W-50 iliyobaki kwa debe. Hizo namba hazifanani. Uzito wa mafuta hupimwa kwa kitu kinaitwa cSt, kwa joto la digrii 40. Mafuta ya foku ya 10W huwa ni 30 na kitu. Mafuta ya injini ya 20W-50 hupita 150. Umeweka kitu kizito mara nne ama tano kuliko kile foku ilitengenezewa.

Matokeo utayasikia kwa mikono. Foku za aina hii zinapitisha mafuta kwa vitobo visivyobadilika. Ukienda polepole mafuta yanapita, lakini ukigonga ukingo mkali kwa spidi yanataka kupita yote mara moja na hayawezi. Foku inagoma na mshtuko wote unakuja kwa mabega. Kwa ile maramu yenye mikunjo kama mabati ni mbaya zaidi. Foku inafinywa na mkunjo wa kwanza, kabla haijarudi mkunjo wa pili unafika, inafinywa tena. Baada ya mita hamsini imelala chini kabisa na huna safari iliyobaki. Wewe unafikiri springi imekuwa ngumu, kumbe foku imekwama chini.

Kwa hivyo anza na kile kitabu cha nduthi kinasema. Kama wewe ni mzito ama mbele inadunda baada ya kila bampi, panda hatua moja tu, kwa mfano kutoka 10W hadi 15W. Kama wewe ni mwepesi, kilo 55 hivi, na mikono inakufa ganzi kwa mabati, shuka hatua moja. Usiruke hatua mbili. Kumbuka kampuni hazikubaliani: 10W ya chupa hii inaweza kukaribia 15W ya chupa ile. Ukibadilisha chapa, soma cSt nyuma ya chupa badala ya kuangalia W peke yake.

Kama mafuta ya foku hayapatikani kwenu, ATF safi, ile ya gia za otomatiki na pawa steringi, iko karibu na 10W. Honda nyingi za zamani zilikuwa zinaandikiwa hiyo hiyo. Kile usiweke kamwe ni mafuta ya injini yaliyotumika. Yana vumbi la chuma ambalo linakwaruza sili na mirija, na baada ya wiki chache utaona foku inalia machozi.

Kiasi cha mafuta ni springi ya pili

Hii wengi hawaijui. Juu ya mafuta ndani ya foku kuna hewa. Foku ikibonyea hewa inafinywa, na inapokaribia kufika chini inakuwa ngumu haraka sana. Kwa hivyo ukiongeza mafuta, hewa inapungua, na foku inakuwa ngumu mwisho wa safari bila kuwa ngumu mwanzo. Hiyo ndiyo dawa ya foku ambayo ni poa kwa barabara ya kawaida lakini inagonga chini kwa shimo kubwa.

Ukibadilisha mafuta fanya hivi. Inua mbele ya nduthi iwe imara, tairi likiwa hewani. Legeza kwanza bolti inayobana foku karibu na kifuniko, ndiyo kifuniko kifunguke bila vita. Kifungue polepole ukikifinya chini, uso ukiwa kando, kwa sababu springi iko chini yake na inaweza kukirusha. Toa miguu yote miwili, toa springi, uipindue mimina kila kitu, halafu pampu mara kumi hadi mafuta machafu yaishe. Kuna nduthi zenye skrubu ndogo ya kumwagia chini, lakini njia hiyo huacha tope ndani.

Mimina mafuta mapya kiasi kile kitabu kinasema, pampu polepole hadi mapovu yaishe, acha itulie dakika kumi. Sasa finya foku hadi mwisho, springi ikiwa nje, na upime kutoka mdomo wa juu hadi uso wa mafuta. Miguu yote miwili lazima isome sawa. Hapa sirinji kubwa yenye kamba ya mpira ni dhahabu. Weka alama kwa mpira kwa urefu unaotaka, mimina kidogo zaidi, kisha vuta ziada hadi sirinji ivute hewa.

Kama kitabu kinasema milimita 150 na unagonga chini, jaribu 140. Badilisha 10 kwa wakati, na usipite 20 jumla. Ukijaza sana, hewa inafinywa hadi inatafuta njia ya kutokea, na njia hiyo ni sili.

Kama mbele inashuka zaidi ya asilimia 30 hata ukiwa umesimama tu, hapo tatizo ni springi wala si mafuta. Fundi anaweza kuongeza kipande cha bomba cha milimita 10 juu ya springi. Ni prilodi ile ile ya nyuma, kwa njia ya jua kali.

Soma barabara na kamba ya plastiki

Usiamini makalio yako pekee. Chukua ile kamba ndogo ya plastiki ya kufungia waya, ifunge kwa bomba linalong'aa la foku, ikaze kiasi cha kusonga ikisukumwa. Kama foku imevaa soksi za raba, zisukume juu kwanza. Isukume kamba chini hadi kwa sili, kisha uende barabara yako ya kila siku, ile yenye shimo unalolijua kwa jina.

Ukirudi, angalia kamba imefika wapi. Ikiwa imebakisha kama sentimita moja ya safari baada ya shimo baya kuliko yote, uko fiti. Ikiwa imefika mwisho kila siku, ongeza mafuta milimita 10. Ikiwa imefika nusu tu na mikono inauma, mafuta ni mazito ama mengi sana. Badilisha kitu kimoja tu, andika kwa simu, kisha urudie barabara ile ile kwa spidi ile ile. Ukibadilisha tatu mara moja hutajua ni ipi ilisaidia.

Kama una piki kubwa yenye skrubu za dampingi, mambo ni yale yale. Funga skrubu polepole hadi mwisho ukihesabu klik, uandike, kisha urudi pale ilikuwa. Kwa maramu, fungua klik mbili za kurudi ili tairi liweze kushuka haraka kwa kila mkunjo. Nduthi ikianza kukurusha kwa kiti baada ya bampi, umefungua sana, rudisha moja.

Wakati seti haitakusaidia

Finya nyuma ya nduthi kwa nguvu uiache. Inafaa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda na kushuka mara mbili ama tatu, mafuta ndani ya shoki yamekufa ama yamevuja, na hakuna ngazi itakayorudisha hayo. Shoki nyingi za bei ya kawaida zimefungwa moja kwa moja, hazifunguliwi. Nunua mbili, usibadilishe moja.

Mbele, pitisha kidole kwa bomba. Ukipata ringi ya mafuta, jaribu kwanza kusafisha sili na kipande chembamba cha plastiki laini, kwa sababu mara nyingi ni mchanga tu umenaswa. Kama inaendelea kulia, weka sili mpya, lakini kama bomba lina vishimo vya kutu unavyovisikia na kucha, sili mpya pekee haitadumu. Na usikawie na hiyo, juu mafuta ya foku yanateremka hadi kwa breki ya mbele, na breki yenye mafuta haishiki.

Nduthi inayopiga boda kilomita 100 kwa siku itamaliza 15,000 ndani ya miezi sita. Huo ni wakati mzuri wa kumwaga mafuta ya foku hata kama hayajakulilia. Yakitoka meusi na yananuka kama samaki wa juzi, utajua ni kwa nini mikono yako imekuwa ikilalamika.